Dau la 4,000 lililokula faida yote

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Iringa, barabara ya kwenda Ruaha, alinipa kazi ya kumnunulia matangazo mtandaoni, yaonekane kwa watu wa Dar na Dodoma. Kwanza nilitafuta thamani. Tangazo likionekana mara 1,000, watu wanne wanabofya. Kati ya 40 wanaobofya, mmoja analipia chumba, na faida yake ni shilingi 40,000. Kwa hiyo maonyesho 1,000 kwetu yalikuwa na thamani ya shilingi 4,000. Nafasi za matangazo haya huuzwa kwa mnada, basi nikaweka dau la 4,000 kwa kila maonyesho 1,000.

Sikukurupuka. Nilijifunza kazi hii enzi za mnada wa bei ya pili, ule aliouchambua William Vickrey mwaka 1961. Mwenye dau kubwa anashinda, ila analipa kiasi cha dau linalomfuata. Dau lako linaamua kama umeshinda tu. Bei inatoka kwa mwenzako. Ukitaja 3,000 na mwenzako 3,500, umeachia kitu ambacho ungekipata kwa 3,500 ukabaki na 500. Ukitaja 5,000 na mwenzako 4,500, umeshinda hasara ya 500. Kutaja thamani halisi ndiyo njia salama, mradi bajeti yako haiishi kabla ya jioni.

Wiki ya pili mama akanipigia. "Mwanangu, wageni nawaona, mbona pesa siioni?"

Nikafungua ripoti. Dau 4,000, gharama kwa maonyesho 1,000 nayo 4,000, kila siku. Katika mnada wa bei ya pili gharama hukaa chini ya dau karibu kila mara. Zikilingana hivyo, uko kwenye bei ya kwanza: ukishinda, unalipa ulichotaja. Soko la matangazo ya namna hii lilishahamia huko. Google Ad Manager, mfumo wa Google wa kuuza nafasi za matangazo, ilibadilika mwaka 2019. Mimi nilibaki na mazoea ya zamani, na nilikuwa nanunua kitu cha 4,000 kwa 4,000.

Hapo swali likawa nipunguze kiasi gani. Nilihakikisha kipengele cha mfumo kinachopunguza dau chenyewe kimezimwa, maana tukipunguza wote wawili tunakosa minada mingi. Kisha nikajaribu madau manne, siku tatu kila moja. Kwa 4,000 tulishinda minada elfu 60 kati ya kila elfu 100, faida sifuri. Kwa 3,200 tulishinda elfu 45, tukibakiza 800 kila ushindi 1,000: 45 × 800 = 36,000. Kwa 2,600 tulishinda elfu 30, tukibakiza 1,400 kila ushindi 1,000, yaani 42,000. Kwa 2,000 tulishinda elfu 12 tu, na 24,000 ikabaki.

Nikachagua 2,600. Wageni walipungua, na hilo nilimweleza mama mapema ili asishtuke. Desemba, wauzaji wengi walipoongeza madau yao, ushindi ulishuka hadi 15 kati ya 100, nikarudia jaribio lote upya.