Presha mkononi, mapigo hafifu miguuni

Mtoto wa miaka 10 hatakiwi kuwa na presha ya 156 kwa 92. Nilimwacha akae atulie, nikatafuta mkanda unaoenea vizuri mkono wake, maana mkanda mdogo hutoa vipimo vya juu vya uongo, nikapima tena mkono wa kulia. Ikarudi ileile.

Wakati ule nilikuwa muuguzi kliniki ya watoto hapa Mwanza. Mama yake, muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, alimleta kwa sababu ya kutokwa damu puani. Kwingine walikopita walikuwa wameambiwa ni jua kali. Nilipomuuliza mengine akasema kichwa kinamuuma mara kwa mara, na kwamba kwao Mabatini, kwenye ile njia ya mawe, wenzake wanapanda mbio lakini yeye hukaa njiani akishika miguu. "Nilidhani ni uvivu, sista," alisema, macho chini.

Daktari wetu, mzee wa maneno machache, alipoona presha ile hakuandika dawa. Alimlaza mtoto, akaweka vidole vya mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa kijana na vya mkono mwingine kwenye kinena, akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Shika na wewe."

Nikashika. Mkononi damu ilikuwa inagonga kwa nguvu, inasukuma kidole. Kinenani ilinibidi nitafute, nibonyeze kidogo, nilegeze, ndipo nikapata kitu chembamba, na kilifika baada ya pigo la mkononi. Kwa mtu mwenye afya mapigo hayo mawili hufika karibu pamoja. Tukafunga mkanda mkubwa pajani, nikasikiliza nyuma ya goti: 100 ya juu. Kwa kawaida presha ya mguuni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo. Ya huyu ilikuwa chini kwa zaidi ya 50, na tofauti inayozidi 20 tu inatosha kumtia daktari wasiwasi.

Daktari alimchorea mama kwenye karatasi. Aota, mshipa mkuu wa damu, inatoka moyoni, inapanda, inapinda, kisha inashuka kwenda tumboni na miguuni. Mishipa ya kichwa na mikono inachomoza pale kwenye kona. Mtoto huyu alizaliwa na aota iliyobanwa mara tu baada ya kona hiyo. "Ni bomba lililobanwa na jiwe, mama. Nyumba zilizo kabla ya jiwe maji yanawafurikia, zilizo baada yake yanadondoka." Ndiyo maana kichwa kilikuwa na damu ya kasi na miguu ina njaa. Nazo figo, zikiwa chini ya mbano, hupata damu kidogo, zikadhani mwili mzima umepungukiwa, zikatoa kichocheo kinachopandisha presha zaidi.

Mama aliomba dawa ya presha waondoke nayo. Ombi hilo bado linaniuma, kwa sababu lilikuwa la busara kabisa kwa mtu asiye na nauli. Lakini dawa haiwezi kufungua mbano, na ukiishusha sana presha ya mkononi, zile figo na miguu zinapata damu pungufu kuliko mwanzo. Daktari aliandika dozi ndogo ya kumvusha tu, na barua ya rufaa.

Kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo kilithibitisha mbano, na kwamba msuli wa kushoto wa moyo umeanza kunenepa kwa kazi. Pia vali ya aota, mlango wa damu inapotoka moyoni, ilikuwa na vijani viwili badala ya vitatu, jambo linaloandamana sana na ugonjwa huu.

Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Walipita ubavu wa kushoto, katikati ya mbavu, wakaibana aota juu na chini ya mbano, wakakata kipande kile chembamba na kushona ncha mbili pamoja. Kazi hiyo haitaki kuchelewa, kwa kuwa aota ikiwa imebanwa uti wa mgongo unaweza kukosa damu, na mgonjwa akaamka miguu imepooza. Yeye aliamka akichezesha vidole vya miguu.

Jioni ya pili mama alinipigia simu akilia: presha imepanda tena, basi wamekata bure. Nikamweleza kuwa mwili uliozoea presha ya juu huipandisha kwa siku kadhaa baada ya upasuaji, na kwamba pale wodini wanaitegemea na wana dawa yake. Alinirudishia swali moja tu: "Na miguu?" Nikamwambia amguse. Akakaa kimya, kisha akasema ina joto.

Waliporudi kliniki nilipima mkono 122, mguu 124. Dawa aliendelea nayo, maana mbano uliokaa miaka mingi huacha presha nyuma yake. Nikamwandikia kadi ya kurudi kila mwaka kupimwa mkono na mguu kwa pamoja, kwa sababu pale paliposhonwa panaweza kubana upya, na ile vali inataka kuangaliwa maisha yake yote.