Ninavyochora ndevu zangu zisikae kama sanduku

Uso wangu ni mpana na ndevu zangu ni nzito, za kujikunja. Kwa uso kama huu, laini zilizonyooka kama rula huongeza upana. Kinachotengeneza umbo la sanduku hasa ni kona mbili za kila upande: ile ya nyuma ya taya, chini ya sikio, na ile ambapo sharafa hukutana na laini ya shavuni. Kazi yangu yote ni kuzizungusha hizo kona.

Naanza na shingo. Nasimama mbele ya kioo, kichwa sawa, macho mbele, kisha nalaza vidole viwili juu tu ya kikoromeo. Laini inapita kwenye ukingo wa juu wa vidole hivyo. Alama naiweka kabla ya kuinua kidevu, kwa sababu ukiinua, ngozi ya shingo huvutika na kipimo kinahama. Kutoka hapo katikati napanda kwa mzingo mpana kuelekea nyuma ya ndewe la sikio, nikipita chini ya pembe ya taya bila kuigusa.

Wengi hupandisha laini hadi kwenye mfupa wa taya wakidhani ndiyo usafi. Nyama ya chini ya kidevu inabaki wazi, na hata mtu mwembamba anaonekana ana kidevu cha pili. Mimi hujikagua kwa kutazama kioo moja kwa moja: laini ya shingo nikiiona kutoka mbele, basi imepanda mno.

Baada ya kusafisha chini ya laini kwa mashine isiyo na kitana, sehemu ya ndevu iliyo juu yake, upana wa kidole kimoja, naipitisha kitana namba 1. Kwingine nimeacha namba 3. Hapo mpaka unafifia polepole na ile kona ya chini ya sikio inapotea.

Shavuni nina mkono mwepesi zaidi. Nafuata ndevu zilipoota zenyewe, kutoka kwenye sharafa hadi pembe ya masharubu, laini ikibonyea kidogo katikati, na naondoa tu vinyweleo vilivyotawanyika juu yake. Shavu langu la kushoto limeota chini kuliko la kulia, kwa hiyo huanza na kushoto, halafu la kulia nalishusha kidogo tu lilikaribie. Ukitaka yalingane kabisa utakata huku, utarudi kule, mpaka laini ifike katikati ya shavu.

Wembe siutumii kwenye laini hizi. Nywele za kujikunja zikikatwa chini sana hurudi kuchoma ngozi na kuleta vipele, na laini yenye vipele haionekani safi hata ichorwe vizuri vipi. Mashine huacha kishina kifupi, nami narudia shingo kila baada ya siku 3 au 4; shavu huweza kungoja zaidi.