Changizo letu nililipanga kinyumenyume, na likatimia

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa ule ule: chagueni tarehe, chapisheni kadi, mengine yatajipanga. Hayajipangi. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, maana unawaacha watu wa kujitolea wakihangaika wiki ya mwisho na kazi ambazo zilipaswa kuisha mwezi mzima kabla. Changizo letu la kuongeza darasa lilikwenda vizuri kwa sababu ratiba niliianza siku ya hafla, nikarudi nyuma, na kila mstari nikauandikia jina la mtu mmoja. Si "kamati ya kadi". Mtu mmoja, anayepigiwa simu.

Chukua hizo kadi. Mgeni anahitaji kuwa nayo mkononi wiki 3 kabla, ili ajipange na fedha. Kuzisambaza kunachukua wiki moja, kwa hiyo lazima ziwe zimechapishwa wiki 4 kabla. Kuandaa maneno, kusahihisha na kuchapa ni wiki nyingine: tumefika wiki ya 5. Lakini kadi haiwezi kwenda kuchapwa bila jina la mgeni rasmi, naye mpe wiki 2 za kujibu barua. Hiyo ni wiki ya 7. Weka wiki moja ya akiba, endapo atakataa na itabidi umtafute mwingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, wiki 8 kabla ya hafla, ni barua ya mgeni rasmi na ukumbi kuthibitishwa kwa maandishi. Anayeanza na kadi huishia kubandika jina jipya juu ya lililochapwa.

Kwa watu wa kujitolea, niliacha kabisa kugawa kazi kwa maneno ya jumla. "Shughulikia viti" si kazi, kwa sababu hakuna anayejua imeisha lini. Kila mmoja alipata kikaratasi kinachosema hivi: viti 300, safu 15 za viti 20, njia katikati, viwe tayari kabla ya saa 4 asubuhi, kisha mjulishe msimamizi wa ukumbi. Zamu hazikuzidi saa 2, na kwa kila watu watano niliweka mmoja wa akiba. Siku 3 kabla niliwapigia simu, sikutuma ujumbe. Mtu hujibu "sawa" bila kusoma. Kwenye simu muombe akutajie mwenyewe saa na mahali pake. Akisitasita, andaa wa akiba siku hiyo hiyo.

Mlangoni ndipo hafla nyingi huharibika, na hapa najivunia hesabu yangu. Tulitarajia wageni 200 wafike kwa mkupuo: 150 wenye kadi zilizolipiwa na 50 wa kulipa pale pale. Mwenye kadi anahitaji sekunde 10 tu: ionekane, ichanwe kona, apite. Anayelipa anahitaji kama dakika nzima, maana kuna jina, fedha, chenji na risiti. Ukiwapanga wote kwenye foleni moja mbele ya meza moja, ni dakika 75, na wa mwisho wanaingia wakati hotuba zinakaribia kwisha. Nikatenga meza moja ya wenye kadi na mbili za kulipia. Meza ya kadi humaliza 150 kwa dakika 25, na zile mbili humaliza 50 kwa dakika 25 pia. Mtu mmoja akasimama hatua chache mbele ya meza akiuliza tu, "Una kadi?" na kuelekeza. Huyo ndiye aliyeokoa kila kitu, maana meza zikitenganishwa bila mwelekezaji, watu hufuata foleni yoyote wanayoiona. Na chenji iwekwe kwenye orodha ya ukaguzi ya jana yake, kando ya vitabu vya risiti, kalamu na betri za kipaza sauti.

Fedha zilihesabiwa na watu wawili wasio ndugu, mbele ya wa tatu anayeandika, na wote watatu wakatia saini. Jumla ziliandikwa tatu, hazikuchanganywa: taslimu, zilizotumwa kwa simu, na ahadi. Msema chochote akitangaza jumla moja, watu huamini lengo limefikiwa na huacha kutoa, ilhali sehemu kubwa bado ni maneno.

Kila ahadi ilijazwa fomu papo hapo: jina, namba ya simu, kiasi na tarehe ya kulipa ambayo mtoaji ameichagua mwenyewe. Ratiba yangu kwa hiyo haikuishia siku ya hafla. Kesho yake watoa ahadi walipata ujumbe wa shukrani unaotaja kiasi na tarehe yao. Siku 2 kabla ya tarehe hiyo walipigiwa simu na mtu waliyemfahamu. Aliyelipa alipata risiti siku ile ile, na aliyeomba muda aliandikiwa tarehe mpya kwenye fomu ile ile.