Sapulaya wa China alikuwa anakasirikia emoji yangu, nimepata dawa

Kwa wanaoagiza mzigo Guangzhou na kuchati WeChat kwa kutafsiri. Dalili ilikuwa hivi, naandika "mzigo umechelewa ila poa 🙂", dada wa watu anaanza kujitetea au ananijibu kwa mkato. Nikabadili app ya tafsiri, wapi. Nikafupisha sentensi, yaleyale.

Kumbe tafsiri inageuza maneno tu, emoji inapita kama ilivyo, na hako ka 🙂 kwa Wachina wengi hasa vijana ni tabasamu la kejeli, kama mtu anakwambia "haya bwana, tumekusikia" huku kanuna. Kwa hiyo "ila poa" yangu ilikuwa inasomeka kinyume kabisa!

Kilichosaidia: kabla ya kutafsiri natoa emoji zote naweka neno lililokuwa kichwani. "Kesho natuma 💰" inakuwa "kesho natuma hela iliyobaki", na ile 🙂 inakuwa "sijakasirika, nauliza tu tarehe ya kusafirisha". Halafu Kichina kikitoka nakirudisha Kiswahili nikisome kabla ya kutuma, hapa ndipo utaona kama maana imepotea.

Stika nazo angalia, ni picha, tafsiri ya kawaida ya ujumbe haigusi maandishi yaliyochorwa ndani, akinitumia namwomba aandike. Ila watu wazima kule 🙂 wanaitumia kwa wema tu, ukiipokea kwa mzee usianze kununa.