Pesa ya kula kwanza, nyumba baadaye: nilivyopanga kurudi Uganda kutoka Dubai

Ushauri ulionichosha kuliko wote nilipokuwa mlinzi Dubai ni ule wa "tuma pesa wajenge, mambo ya kula utayajua ukifika." Waganda wengi huko huanza hivyo. Wananunua kiwanja, wanamwaga msingi, wanapandisha kuta, na siku wanaporudi wana nyumba lakini hawana kinacholeta chakula mezani. Baada ya miezi michache wanatafuta tena ajenti wa kuwarudisha Uarabuni. Mimi nilipanga kinyume, na ninaeleza hesabu yake kwa sababu sikuwahi kuonyeshwa na mtu.

Nilianza na swali moja: nikiwa nyumbani, silipi kodi ya nyumba, mwezi unanila shilingi ngapi? Kwa maisha ya Wobulenzi, mji mdogo wilayani Luwero, na chakula kingine kikitoka shambani kwa mama, nilipata kama 400,000. Kwa mwaka ni milioni 4.8. Hiyo ndiyo namba iliyozaa lengo langu lote.

Kisha nikatafuta kipimo cha kuifikia bila kutegemea biashara ambayo sijaiona. Kipimo hicho ni hati fungani za serikali, ambazo wengi huziita bondi: unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba. Unafungua akaunti ya dhamana Benki Kuu kupitia benki yako ya kawaida, na benki inakuombea kwenye mnada. Kiwango cha chini ni shilingi 100,000 tu. Mnunuzi mdogo hana haja ya kutaja bei, anapewa wastani wa mnada. Riba huingia kila baada ya miezi sita. Kodi inayokatwa kwenye riba hiyo ni asilimia 20, lakini bondi ya miaka 10 au zaidi hukatwa asilimia 10 tu, na hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa kwa kuchukua ya miaka miwili bila kuuliza.

Tuseme bondi ya miaka 10 inatoa asilimia 16. Ukitoa kodi, mkononi unabaki na 14.4. Gawa milioni 4.8 kwa 14.4 kwa mia, unapata milioni 33 na ushei. Hilo likawa lengo la kwanza. Kiwanja nilikikadiria milioni 12, nyumba ya vyumba viwili milioni 28. Jumla milioni 73 hivi.

Dirhamu imefungwa kwa dola, kwa hiyo inapanda na kushuka nayo mbele ya shilingi yetu. Kwa mahesabu niliichukua kama shilingi 1,000. Niliweza kuweka kama dirhamu 1,100 kwa mwezi baada ya chakula na pesa ya wazazi. Pesa ya wazazi niliipangia kiasi kimoja kisichobadilika, ikitoka kabla ya akiba, ili simu ya dharura isiguse lengo.

Sasa angalia mpangilio unavyofanya kazi. Ukijenga kwanza, milioni 40 za kiwanja na nyumba zinakula miaka mitatu, kisha bondi zinakula miaka miwili na kidogo. Ukianza na bondi na kuirudisha riba humo humo, unafika milioni 33 kwa miaka miwili na kidogo ile ile, lakini kuanzia hapo riba inakuongezea kama 400,000 kila mwezi juu ya mshahara. Milioni 40 zinapatikana kwa miaka miwili na robo badala ya mitatu. Mshahara ni ule ule, jasho ni lile lile, na umerudi nyumbani karibu miezi tisa mapema. Hasara ya njia hii ni kwamba bei ya viwanja inapanda unaposubiri, na ukilazimika kuuza bondi kabla ya muda wake unaweza kupata pungufu ya ulichoweka. Kwa hiyo bondi isiwe pesa ya dharura.

Anayejiepusha na riba kwa imani yake atatumia kama kipimo vijumba vya kupangisha, ambavyo Uganda tunaviita mizigo, ila apige hesabu kamili. Mizigo miwili ya vyumba viwili, kila mmoja 150,000, inaonekana kuleta milioni 3.6 kwa mwaka. Ondoa mwezi mmoja wa kukaa mtupu kwa kila mmoja, ondoa ukarabati na kunyonya choo, ondoa kodi ya serikali ya asilimia 12 kwa kinachozidi 2,820,000, na unabaki karibu na milioni 3 au chini yake.

Kiwanja nilikitafuta wakati bondi zimekamilika. Ardhi nyingi ya Luwero ni ya mailo, umiliki wa kudumu wa huko Buganda, na kwenye mailo kuna watu wawili juu ya udongo mmoja: mwenye hati miliki, na mwenye kibanja, yaani anayeishi au kulima hapo na kumlipa mwenye hati kodi ndogo iitwayo busuulu. Kiwanja cha kwanza nilichooneshwa kilikuwa na hati safi kabisa. Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ulionesha jina la muuzaji, hakuna rehani, hakuna kaviati, yaani zuio la kuuza. Lakini kaka yangu alipofika alikuta migomba iliyotunzwa na bibi mmoja mwenye risiti za busuulu. Muuzaji akamwambia kaka, "Ssebo, huyo tutamhamisha." Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja, na anayenunua hati anainunua pamoja na haki ya bibi huyo. Karatasi ya upekuzi haimtaji kabisa. Kwa hiyo baada ya ofisi lazima mtu atembee kiwanjani, awaulize majirani wa pande zote nne na mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, nani analima hapo. Tuliachana na kiwanja hicho. Na kama unachonunua ni kibanja chenyewe, bila idhini ya mwenye mailo huo si ununuzi.

Cha pili tulikipima kwa hesabu ambayo wauzaji hawapendi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni hekta 0.046, na hati huandika hekta. Ukiona hati imeandika 0.040, unachonunua ni kama futi 43 kwa 100, hata kama vigingi vimepigwa futi 50. Msavea, yaani mpima ardhi, niliyemtafuta mwenyewe, asiyemjua muuzaji, alifungua mipaka na kuyakuta mawe ya alama mahali pake ndipo pesa ikatoka.

Kwa kuwa nilikuwa mbali, kaka alisaini kwa hati ya uwakili iliyoshuhudiwa na notari na kupita ubalozini. Iliandikwa kwa bloku na ploti hiyo moja, na ilimruhusu kununua na kusajili kwa jina langu tu. Hati ya uwakili ya jumla inaruhusu pia kuuza, usiisaini kamwe. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani anayoitaja mthamini wa serikali, siyo bei mliyoandika kwenye mkataba, kwa hiyo ongeza kidogo juu.

Kujenga kwa simu ndiko watu wanakokuogopa zaidi, na ndiko nilikojivunia. Nilitenganisha mikono mitatu. Fundi anaagiza lakini hagusi pesa. Duka la vifaa linapokea pesa moja kwa moja kutoka kwangu. Kaka anahesabu kinachoshuka kwenye gari na kutuma picha. Lakini mikono mitatu haitoshi kama hujui namba sahihi ya kuagizwa, kwa sababu mifuko ya ziada itahesabiwa vizuri kabisa kisha itaondoka usiku.

Chukua slabu. Nyumba yangu ni mita 8 kwa 9, na zege la sakafu ni unene wa sentimita 10. Zidisha 8 kwa 9 kwa 0.1, unapata mita za ujazo 7.2. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani simenti moja, mchanga miwili, kokoto nne, linahitaji kama mifuko sita na nusu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Jumla ni mifuko 47, na ukiweka ya kupotea ni 50. Fundi aliniambia, "Dada, slabu hii bila mifuko 70 haiwezekani." Sikubishana naye. Nilimtumia hesabu yote kwa ujumbe na kumwomba anioneshe ni wapi mifuko 20 inaingia. Akasema ardhi haiko sawa, kwingine zege litakuwa nene. Hiyo inawezekana kweli, kwa hiyo nikaomba mawe na moramu visawazishwe kwanza, kisha vipigwe vijiti kila mita mbili, vyenye alama ya rangi sentimita 10 juu ya nailoni inayotandikwa chini ya zege. Kaka akapiga video ya kila kijiti, na kamba imevutwa juu yake. Alama zilikuwa sawasawa. Tukanunua 50, na slabu ikaisha ikabaki mifuko miwili.

Vijiti hivyo vinafanya kazi upande wa pili pia. Fundi anayetaka kubakiza simenti hupunguza unene, na slabu ya sentimita 6 hutoka nyufa mapema. Kama alama zimezama ndani ya zege, unene upo. Kama zimebaki juu, simamisha kazi kabla halijakauka.

Mchanga na kokoto usivihesabu kwa tripu, kwa sababu malori hayalingani. Mwambie mtu wako apime bodi ya lori kwa utepe, urefu kwa upana kwa kina cha mzigo. Slabu hii ilitaka mita za ujazo kama 3.2 za mchanga na 6.4 za kokoto. Baada ya hapo ni maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na picha ya kila jioni sakafu ikiwa imelowa. Kuta, rinta na mabati ya geji 28 nilivifuata kwa njia ile ile, hatua kwa hatua, malipo ya fundi yakitoka hatua inapokamilika.

Tarehe ya kurudi niliipanga kwa mambo mawili. Bondi zangu niliziweka nusu kwa nusu, moja ikilipa Januari na Julai, nyingine Aprili na Oktoba, hivyo kila miezi mitatu inaingia kama milioni 1.2. La pili ni kiinua mgongo cha Emirati: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Ni msingi, siyo jumla. Anayepokea 2,200 ambayo msingi wake ni 1,200 anapata dirhamu 840 kwa mwaka, 4,200 kwa miaka mitano, na mwajiri anatakiwa kulipa ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuisha. Nilikaa mpaka mkataba wangu ukaisha Juni. Kiinua mgongo kilinunua kitanda, jiko na vifaa vya kuanzia, na riba ya Julai ikaingia kabla sijagusa kitu kingine.