Uzi, ramani na kilometa za kwenda Kibosho

Jumamosi. Nimepata kivuli cha ramani ya 1:50,000 ya upande wetu wa Moshi. Swali langu ni dogo: kutoka lami hadi nyumbani Kibosho ni kilometa ngapi? Kila dereva wa bodaboda ana jibu lake, na bei hufuata jibu.

Nilianza na uzi wa kufumia sweta wa mama, na hilo lilikuwa kosa. Uzi ule unavutika: kwenye ramani unaubana kona kwa kona, ukiuhamishia kwenye rula unajikunja. Nimepima mara tatu, nikapata majibu matatu.

Jumapili. Leo nimetumia uzi wa cherehani, nikaulowesha kidogo ili ulale kwenye karatasi. Ncha moja nimeibandika kwa selotepu pale barabara inapoacha lami, kisha nikaufuatisha katikati ya mstari wa barabara, kidole cha kushoto kikishikilia kila kona kabla sijaenda inayofuata. Mwisho nikatia alama ya peni, nikaunyoosha bila kuuvuta. Sentimeta 15.6, mara mbili mfululizo.

Kwa skeli hiyo, sentimeta 1 ni mita 500, kwa hiyo nilipata kilometa 7.8. Nikafurahi mapema. Viraba vya ramani hiyo vinawakilisha kilometa moja kila upande, maana yake vilitakiwa kuwa na sentimeta 2. Kupima kimoja: 1.9. Mashine ya kutolea kopi ilikuwa imeipunguza ramani, lakini maandishi ya 1:50,000 yamebaki vilevile! Sasa nagawanya 15.6 kwa 1.9, napata kilometa 8.2. Tangu leo napima kiraba kwanza.

Jumatano. Baba mdogo amenipandisha kwa pikipiki yake. Dashibodi imesoma 8.7.

"Ni mlima huo, mwanangu," akasema. "Ramani yako imelala, barabara inapanda."

Nilikaribia kukubali, ila nikahesabu. Kwa kontua, tunapanda kama mita 500. Ukichukua kilometa 8.2 kwa ulalo na 0.5 kwa kimo, mteremko wenyewe unatoka 8.215. Mlima umeongeza mita 15 tu, na mimi natafuta 500.

Basi nikarudi kwa miguu hadi korongoni. Pale barabara inajipinda mara nne kati ya migomba kabla ya kufika darajani. Kwenye ramani mchoraji kaweka pinda moja la upole. Hana lawama: mstari wa nusu milimeta tu unafunika mita 25 za ardhi, kona ndogo hazina pa kukaa. Ndiyo maana njia ya kona nyingi, uzi huipima pungufu karibu kila mara.

Hata hivyo sehemu ya tofauti huenda ni ya pikipiki yenyewe, tairi limekwisha. Mpira ukilika, duara lake linapungua, linazunguka mara nyingi zaidi, na dashibodi inahesabu mizunguko. Baba mdogo hajapenda hoja hiyo. Jumamosi narudia kwa pikipiki ya jirani.