Posho ya usiku haikuniambata kitandani

Nilipoacha mkataba wa mshahara mmoja usiobadilika katika kazi yangu ya kuhudumia wagonjwa, nikachukua wa mshahara wa msingi pamoja na posho, nilipiga hesabu ya mwezi wenye kazi tu. Tuseme mshahara wa msingi ni 100 kwa zamu 20: kila zamu ya usiku iliniongezea robo ya malipo yake, yaani 1.25, hivyo zamu nane zikaleta 10, na posho ya mazingira hatarishi 10 nyingine. Jumla 120, ilhali mkataba wa zamani ulinipa 115. Kisha mgongo ukaniuma kwa kuinua wagonjwa, nikapumzishwa miezi miwili, na hati ya malipo ikaonyesha 100 kavu, kwa kuwa posho zilifuata zamu zilizosainiwa. Michango ya pensheni nayo, kumbe, ilikokotolewa kwa mshahara wa msingi pekee.